Kimo cha Mgongo Kwanza, Rangi Baadaye

Barua ya wazi kwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi za shule zetu, na kwa wahandisi wa halmashauri wanaozisimamia

YAH: BATI LA MIGONGO MIPANA, BATI LA MAWIMBI NA NAFASI YA PAPI

Ndugu wenyeviti, ndugu wajumbe, ndugu wahandisi wenzangu,

Kazi yangu ni kukagua mapaa, na karibu kila makadirio ya darasa ninayoletewa yana mstari unaofanana na huu: “Bati geji 30, migongo mipana, rangi ya bluu.” Mstari huo umetaja rangi. Haujataja kimo cha mgongo, yaani umbali wa wima kutoka kwenye bonde la bati hadi kichwani mwa mgongo wake. Kipimo hicho kilichoachwa ndicho kinachoamua bati litabeba nini na papi zikae umbali gani. Naomba tukirudishe kwenye makadirio, na nitaeleza kwa nini kwa kutumia darasa moja la kawaida.

Tuanze na sababu ya bati kuwa na migongo. Karatasi ya chuma yenye unene wa milimita 0.30, ikiwa bapa, haiwezi hata kujibeba yenyewe kutoka papi moja hadi nyingine. Ikipitishwa kwenye rola za kiwandani, chuma kilekile hugawanyika: kingine hupanda juu, kingine hushuka chini, na kadiri makundi hayo mawili yanavyoachana ndivyo bati linavyokataa kunepa. Mhandisi Henry Robinson Palmer alichukua hataza ya bati la mawimbi mjini London mwaka 1829, na kanuni hiyo haijabadilika hadi leo. Bati la migongo mipana limeongeza jambo moja tu: badala ya wimbi la mviringo, lina mgongo wenye kuta mbili za mteremko na kichwa bapa, kisha bonde pana bapa kati ya mgongo na mgongo.

Vitu vitatu vinatawala kunepa kwa bati, na havina uzito sawa. Cha kwanza ni unene. Ukiuongeza kwa theluthi, ukakamavu nao unaongezeka kwa takribani theluthi, basi. Cha pili ni kimo cha mgongo. Hapa ukakamavu hufuata mraba wa kimo, kwa hiyo ukikiongeza maradufu, na umbo likabaki linafanana, bati linakuwa kakamavu mara nne hivi. Cha tatu ni nafasi kati ya papi, na hiki ndicho kikali kuliko vyote, kwa sababu mneso hupanda kwa kipeo cha nne cha nafasi hiyo. Papi zilizokuwa mita 1.2 zikisogezwa hadi mita 1.5, nafasi imeongezeka kwa robo tu, lakini bati linanepa mara mbili na nusu ya awali. Kamati nyingi hubishana na muuzaji siku nzima juu ya geji, kisha fundi anaachiwa nafasi ya papi aipange kwa macho. Kwa namna hiyo tunalinda kile chenye uzito mdogo na kuacha wazi kile chenye uzito mkubwa.

Sasa tuyaweke mabati matatu mezani, yote ya milimita 0.30 na yote yametoka kwenye koili ya upana wa milimita 925. La kwanza ni bati la mawimbi la kawaida: kimo cha wimbi milimita 18, na kutoka wimbi hadi wimbi milimita 76. La pili ni migongo mipana ya kimo kirefu: mgongo wa milimita 36, kichwa chake kina upana wa milimita 35, na kutoka mgongo hadi mgongo ni milimita 171.5. La tatu ni migongo mipana ya kimo kifupi: mgongo wa milimita 20, kichwa cha milimita 25, na migongo imeachana kwa milimita 200. Hili la tatu ndilo ninalolikuta mara nyingi kwenye mapaa yenye matatizo. Ukisimama chini na kulitazama likiwa limepakwa rangi, hulitofautishi na la pili.

Nimepiga hesabu ya yote matatu. Tuseme ukakamavu wa bati la mawimbi ni 1. Migongo mipana ya kimo kirefu, chuma chote kikihesabiwa kuwa kinafanya kazi, inafikia kama 6. Lakini si chuma chote kinachofanya kazi. Kichwa cha mgongo ni bapa na chembamba. Mzigo ukishuka juu ya paa, kichwa hicho hubanwa, na sehemu yake ya katikati hujikunja mapema na kuziachia pembe kazi yote. Ukiitoa sehemu hiyo iliyojikunja, bati la kimo kirefu linabaki na 4.5 hivi. Bado ni kubwa. Bati la kimo kifupi, likipunguzwa kwa njia hiyohiyo, linabaki na 1.1. Kwa maneno mengine, linanepa sawasawa na bati la mawimbi ambalo kamati iliona limepitwa na wakati.

Ukakamavu ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni nguvu, yaani mzigo unaolifikisha bati mahali pa kujikunja na kutorudi. Hapa bati la kimo kifupi linashindwa kabisa: nguvu yake ni kama 0.6 ya bati la mawimbi. Sababu inaonekana ukiliangalia kwa upande. Chuma chake kingi kimelala kwenye bonde, migongo ni michache, na vichwa vyake vyembamba ndivyo vinavyobeba mkazo wote wa juu. Wimbi la mviringo halina sehemu bapa ya kujikunja namna hiyo, na kilele kimoja kikikanyagwa, vilele vya jirani havipo mbali. Bati la kimo kirefu lina nguvu ya kama 1.6 ya bati la mawimbi. Kwa hiyo jina la “migongo mipana” limebeba bati bora kuliko la mawimbi na bati dhaifu kuliko la mawimbi, na mstari wa makadirio niliounukuu hapo juu unamruhusu mzabuni kuleta lolote kati ya hayo mawili bila kuvunja mkataba.

Mtauliza kwa nini kiwanda kitengeneze kimo kifupi. Jibu liko kwenye koili. Chuma kinachopanda mgongoni hakifuniki paa. Koili ya milimita 925 ikitoka kama bati la mawimbi inafunika milimita 762 kwa mlalo wa kawaida wa pembeni. Ikitoka kama migongo mipana ya kimo kirefu inafunika milimita 686. Ikitoka kama migongo mipana ya kimo kifupi inafunika karibu milimita 800. Chukueni upande mmoja wa paa lenye urefu wa mita 10: mtahitaji bati 13 za kimo kifupi, 14 za mawimbi au 15 za kimo kirefu. Kamati inayolinganisha idadi ya bati peke yake itachagua 13 na kufurahia kuokoa. Na pale penye upepo mkali, mlalo wa bati la mawimbi huongezwa wimbi zima, upana wake unashuka hadi kwenye milimita 686 zilezile, na ule unafuu wa bati moja mbele ya kimo kirefu unatoweka.

Hasara kubwa hutokea pale imani ya jina inapohamia kwenye mbao. Tulichukue sasa darasa letu la kawaida, lenye paa la urefu wa mita 10 zilezile. Mteremko wa paa una mita 4.8 kutoka kofia hadi ukingoni. Mchoro wa awali ulikuwa wa bati la mawimbi, papi tano kila upande, nafasi ya mita 1.2. Kamati ikaamua kuchukua migongo mipana, na mtu akasema kwamba bati hizi ni ngumu, papi nne zinatosha. Nafasi ikawa mita 1.6. Kilichookolewa ni mstari mmoja wa papi kila upande, kama mita 20 za mbao kwa darasa zima.

Tuweke mzigo wa kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na tupime bati linalovuka nafasi moja tu. Bati la mawimbi kwenye mita 1.2 lingenepa milimita 5 hivi. Bati la kimo kifupi kwenye mita 1.6 linanepa milimita 15. Mkazo kwenye vichwa vya migongo yake unakuwa karibu mara tatu ya ule ambao ungekuwa kwenye mawimbi kwa mpango wa kwanza, kwa sababu nafasi ndefu imeongeza mzigo wa kupinda kwa asilimia 78 na bati lenyewe limekuja na nguvu pungufu. Bati la kimo kirefu kwenye mita 1.6 hiyohiyo lingenepa chini ya milimita 4. Jina ni lilelile, geji ni ileile, na matokeo yanatofautiana mara nne.

Msije mkasoma hesabu hiyo kana kwamba kimo kirefu kinatoa ruhusa ya kutawanya papi. Paa haliwekwi mizigo ya kushuka tu. Upepo ukipita juu yake hulivuta kwenda juu, na hapo mambo yanageuka: kati ya papi na papi, sehemu inayobanwa si kichwa tena bali ni bonde, ambalo ni pana na bapa zaidi. Ndiyo maana viwanda vingine hupitisha vijigongo vidogo katikati ya bonde. Hivyo vijigongo si mapambo, na bati lililo navyo mlipe alama mnapolinganisha. Tena papi zikipungua, skrubu nazo zinapungua, na kila iliyobaki inashikilia eneo kubwa zaidi. Kutoka mita 1.2 hadi 1.6, kila skrubu imeongezewa theluthi ya mzigo wa upepo, na inachoshikilia ni bati la unene uleule wa milimita 0.30, ambalo linaweza kuchanika kuzunguka kichwa cha skrubu. Kimo cha mgongo hakisaidii chochote hapo. Kwa bati la milimita 0.30 mimi nabaki karibu na mita 1.2 hata kwa kimo kirefu. Mita 1.6 naifikiria kuanzia milimita 0.40, na kwa sharti kwamba jedwali la kiwanda husika, la bati hilo hilo na unene huo huo, linakubali.

Jedwali hilo likija, angalieni linasema nini kuhusu nafasi ya pembeni. Bati refu linalopita juu ya papi nyingi hushikwa pande zote mbili katika nafasi za kati, lakini nafasi ya kwanza na ya mwisho zimeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo hunepa zaidi. Na pembeni ndiko upepo unakovuta kwa nguvu zaidi. Nafasi hizo zinatakiwa ziwe fupi. Kwenye mteremko wetu wa mita 4.8, papi tano zilezile zinaweza kupangwa 1.1, 1.3, 1.3 na 1.1 badala ya 1.2 kila mahali, bila kuongeza hata ubao mmoja. Kwa sababu hiyohiyo, agizeni bati la urefu mzima wa mteremko panapowezekana. Kipande kifupi kinachovuka nafasi moja hunepa zaidi ya mara mbili ya bati linalopita juu ya nafasi mbili mfululizo.

Jambo la kufungia nalo lina hesabu yake. Msumari wa bati wa inchi mbili na nusu una milimita 64 hivi. Ukipigwa kwenye kilele cha wimbi la milimita 18, ukitoa na mpira wake, milimita 44 hivi zinaingia kwenye papi. Msumari huohuo ukipigwa kwenye kichwa cha mgongo wa milimita 36, zinaingia 26 tu. Kamati imelipia bati bora, kisha ikalishikiza kwa nusu ya msumari. Kimo kirefu kinadai skrubu au msumari mrefu zaidi kwa kiasi kilekile mgongo ulivyopanda. Na fundi asiukandamize mgongo: nyundo ikizidi, kichwa kinazama na kufanya kibakuli kuzunguka tundu. Maji hukaa humo, mpira huchoka, na mvua ya pili au ya tatu mnaanza kuona doa kwenye dari. Mkiona vibakuli hivyo kwenye bati la kwanza, simamisheni kazi kabla ya la pili.

Kuhusu kutembea juu ya paa sitasema mengi. Mtu wa kilo 80 akisimama katikati ya nafasi ya mita 1.2 kwenye bati la milimita 0.30, mkazo unaweza kufika kiwango cha kuliacha na alama ya kudumu. Kwa bati lolote kati ya haya matatu, mguu ukae kwenye mstari wa skrubu, juu ya papi. Kwenye mawimbi ukanyage vilele viwili kwa pamoja, na kwenye migongo mipana ukanyage bondeni. Ukitazama paa asubuhi, mwanga ukiwa wa ubavuni, na kuona mabonde yamebonyea katikati ya papi, ujue kazi ilifanywa na watu waliotembea popote, au papi zimeachana mno, au yote mawili.

Sasa maombi yangu, kila kamati na lake.

Kamati ya manunuzi: futeni mstari wenye geji na rangi pekee. Andikeni hivi: “Bati la migongo mipana, kimo cha mgongo kisipungue milimita 36, nafasi kutoka mgongo hadi mgongo isizidi milimita 175, unene wa chuma kabla ya rangi usipungue milimita 0.30, upana unaofunika utajwe, jedwali la nafasi za papi kutoka kiwandani liambatishwe.” Kama bajeti haifikii, andikeni bati la mawimbi la kimo cha milimita 18 na nafasi ya papi isiyozidi wastani wa mita 1.2. Hakuna aibu katika bati la mawimbi. Linganisheni bei kwa mita ya mraba iliyofunikwa, wala si kwa bati moja.

Kamati ya mapokezi: nendeni na ubao ulionyooka, rula, futi ya utepe na mizani. Lazeni ubao juu ya migongo miwili, teremsheni rula hadi bondeni, someni kimo. Kisha lazeni futi ya utepe ifuate kila mpando na mshuko kutoka ukingo hadi ukingo: huo ndio upana wa koili. Zidisheni upana huo kwa urefu wa bati, vyote kwa mita, kisha kwa unene wa milimita, kisha kwa 7.85. Mtapata kilo. Bati la mita 3 kutoka koili ya milimita 925, lenye unene wa 0.30, linapaswa kuwa na kilo 6.5 hivi. Mizani ikisoma kilo 5.5, mmeletewa milimita 0.25, hata kama maandishi yanasema vingine. Pimeni bati kumi kwa pamoja ili kosa la mizani lipungue, na rangi isiwachanganye, kwa kuwa huongeza uzito kidogo tu.

Wahandisi wa halmashauri: wekeni nafasi ya papi kwenye mchoro kwa tarakimu, pamoja na nafasi fupi za pembeni, na andikeni ni bati gani mchoro huo ulipigiwa hesabu. Aina ya bati ikibadilika, mchoro urudi mezani kwenu kabla fundi hajapanda. Fundi akiambiwa “papi kama kawaida,” ataweka kawaida ya jengo lake la mwisho, ambalo pengine lilikuwa na bati jingine kabisa.

Najua kuna hoja dhidi yangu. Kimo kirefu kinaongeza bati moja kwa kila mita 10 za paa ukilinganisha na mawimbi, na bati mbili ukilinganisha na kimo kifupi. Skrubu zake ni ndefu, na si kila duka la wilayani linazo. Hoja hizo ni za kweli, na ndiyo maana siombi kila darasa liezekwe kwa kimo kirefu. Ninachoomba ni kwamba uamuzi ufanywe kwa namba iliyoandikwa. Shule itakayochagua mawimbi kwenye papi za mita 1.2 itakuwa na paa imara kuliko itakayochagua kimo kifupi kwenye mita 1.6, na itakuwa imelipia zaidi mbao mita 20 na bati moja tu kwa kila upande.

Makadirio ya awamu ijayo yakianza kuandaliwa, mstari wa bati uwe wa kwanza kuandikwa upya.

Wenu katika ujenzi,

Mhandisi wa miundo, Morogoro